Barua ya projekti kwa wazazi: taja pesa kwanza, kisha jioni, kisha kile wasichoguse

"Mwalimu, salamu. Nafundisha gredi ya 5 huku Mariakani. Muhula ujao tunataka kufundisha kwa projekti moja kubwa ya maji badala ya homuwek za kila siku, na mwalimu mkuu kaniambia niwaandikie wazazi barua. Mwaka jana nilituma ya kurasa mbili, nikaishia kuletewa kazi zilizofanywa na watu wazima, na mama mmoja akaniuliza mbele za watu, 'sasa hii CBC inataka ngapi tena?' Safari hii niandike nini?"

Salamu zimefika mwalimu wangu. Hebu tuanze na huyo mama kwa sababu yeye ndiye aliyeisoma barua yako vizuri kuliko wote, yaani alitafuta kitu kimoja tu, pesa, hakukiona, akajua imefichwa mahali. Na usimlaumu. Tangu CBC, yaani Mtaala wa Umilisi, ianze Kenya nzima 2019 na watoto wa PP1 mpaka gredi ya 3, neno projekti kwa mzazi maana yake ni ujumbe unaoingia saa tatu usiku, kesho mtoto aje na manila, gundi, rangi na picha tano za kuprinti, na saiba imeshafungwa. Kwa hivyo ukimwandikia aya ya kwanza kuhusu umilisi na ubunifu na karne ya 21 yeye anaruka tu, anatafuta bei. Mpe bei kwenye sentensi ya pili. Kama ni sufuri, andika sufuri.

Sasa hilo la kazi kufanywa na watu wazima, hapo mwalimu nitakuwa mkweli, barua peke yake haitibu. Mimi mwenyewe miaka ile niliwaagiza watoto walete modeli ya nyumba yenye taa, nikaandika chini "tafadhali msaidie mtoto wako." Ikaja nyumba moja, wallahi ilikuwa na paa la mabati madogo, swichi, waya umefichwa ukutani, taa inawaka. Nikampa Kuzidisha matarajio, daraja la juu kabisa, kabla sijamuuliza lolote. Baadaye nikamwambia kijana hebu wafafanulie wenzako hii swichi inafanyaje kazi, akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Teacha, labda tumuulize fundi." Kosa halikuwa la babake. Nilimwambia amsaidie mtoto na yeye akasaidia kwa njia anayoijua, alilipa.

Kwa hivyo kabla ya kuandika barua, geuza projekti yenyewe. Kanuni yangu ni hii, kitu cha kutengenezwa kitengenezwe darasani, nyumbani zitoke habari tu. Mtoto akileta kutoka nyumbani hesabu, majibu ya maswali, au kitu alichokiona kwa macho yake, mtu mzima hana cha kupamba pale. Akileta modeli au chati iliyochorwa, utakuwa unapima kipaji cha shangazi.

Na maji, mwalimu, umechagua vizuri sana kwa hili, maana kila nyumba inayo hiyo data iwe tajiri au maskini. Tuseme muhula una wiki 13, mimi ningeanza wiki ya 3 na kumaliza wiki ya 8, usiingie kwenye wiki za mtihani na usianze wiki ya kwanza watu bado wanahangaika na sare. Wiki ya 3 mtoto anauliza nyumbani maji yetu yanatoka wapi, nani huyaleta, na mzee mmoja wa pale nyumbani alikuwa anayatoa wapi akiwa mtoto. Hapo Mariakani utapata hadithi tamu, bomba la kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo linapita huko kwenda Mombasa, na kuna mtoto atakuja kukuuliza mbona bomba linapita na sisi tunanunua, sasa hilo ndilo somo lenyewe, usilizime. Wiki ya 4 wanahesabu maji siku saba. Wiki ya 5 hesabu zinakuwa Hisabati darasani. Wiki ya 6 mnatengeneza chujio pale shuleni, wiki ya 7 wanaandika na kuchora, wiki ya 8 wazazi wanaalikwa waone.

Wiki ya 4 ndiyo roho ya projekti na ndiyo itakayokupa maswali mengi, kwa hivyo nikufafanulie hiyo zaidi. Mtoto anachora mstari mmoja kwa makaa au chaki nyuma ya mlango kila mtungi wa lita 20 unapokwisha. Jioni anahesabu mistari, anaandika kwenye daftari, anafuta. Dakika tano. Nikupe mfano wa nyumba ya watu 6: Jumatatu mitungi 6, Jumanne 5, Jumatano 7, Alhamisi 6, Ijumaa 5, Jumamosi 10, Jumapili 3. Jumla 42, ukigawa kwa siku 7 ni mitungi 6 kwa siku, yaani lita 120, kila mtu lita 20. Kama mtungi wananunua shilingi 10, hiyo nyumba inatumia shilingi 420 kwa wiki. Umeona mtoto wa gredi ya 5 amefanya kuzidisha, kugawa, wastani na pesa bila kufungua kitabu, na mama anayesikiliza pale anajua hizo 420 ni za kweli kwa sababu zimetoka kwake.

Angalia pia hiyo Jumamosi ya 10. Ni siku ya kufua. Ndivyo data ya kweli ilivyo, inapanda na kushuka na kila mlima una sababu. Mtoto akikuletea 6, 6, 6, 6, 6, 6, 6 kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule usiochoka, imepikwa Jumapili usiku mwalimu, usibishane, muulize tu, "Siku gani mlifua?" Aliyehesabu anakujibu kabla hujamaliza swali. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kujua kazi ni ya nani, na haihitaji umshtaki mzazi yeyote.

Nyumba zenye mfereji ndani wasije wakaachwa. Kama kuna mita, mtoto asome namba Jumatatu asubuhi na Jumatatu inayofuata atoe. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kama mita ni ya ploti nzima, basi ahesabu ndoo za kuogea na kufulia tu, anaandika kwamba amehesabu hizo tu, inatosha kabisa.

Basi barua. Ukurasa mmoja, nusu ukiweza, Kiswahili cha kuongea, na uandike mzazi au mlezi kwa sababu jioni wengine wako na nyanya au na dada wa kazi. Mimi ningeandika hivi, wewe badilisha tarehe na saa:

"Kwa mzazi au mlezi wa gredi ya 5,

Muhula huu watoto watajifunza kwa projekti moja ya wiki sita, inaitwa Maji ya Nyumbani Kwetu. Hakuna pesa ya kutoa na hakuna kitu cha kununua. Kitu pekee tutakachoomba ni chupa moja ya plastiki iliyotumika, ya lita 1 au zaidi, wiki ya 6. Asiyepata tutampa.

Kwa wiki hizo sita hakutakuwa na homuwek nyingine ya Hisabati wala Sayansi. Jumanne na Alhamisi mtoto atakuwa na kazi hii tu, ya dakika 20, isipokuwa wiki ya 4 ambapo atakuwa na dakika 5 kila jioni ya kuhesabu mitungi ya maji iliyotumika nyumbani. Dakika 20 zikipita na hajamaliza, mwambie aache, umwekee sahihi pale alipofika. Hatapoteza alama kwa hilo.

Kazi yako ni mbili tu. Ya kwanza, mruhusu aulize maswali na aweke alama nyuma ya mlango au mahali utakapomwonyesha. Ya pili, kila jioni ya kazi muulize, 'Leo umepata nini, na umejuaje?' Ajibu kwa mdomo, kwa lugha yoyote mnayoongea nyumbani.

Tunaomba usimwandikie, usimchoree, na usimrekebishie hesabu hata ukiona amekosea. Makosa yake tunayahitaji darasani, ndiyo yanatuonyesha tumfundishe nini. Kila kitu cha kuchora na kutengeneza kitafanyiwa shuleni.

Kiasi cha maji mnachotumia hakitasomwa kwa jina la mtoto wala la familia. Hakuna nyumba itakayopimwa na nyingine.

Watoto watatengeneza chujio la maji shuleni. Maji yatatoka meupe lakini bado si ya kunywa. Akijaribu nyumbani, tafadhali asiyanywe mtu.

Ijumaa ya wiki ya 8, saa nane mchana, karibu darasani kwa nusu saa, mtoto wako akueleze mwenyewe alichokipata.

Hapa chini kata ujaze: Jioni ambazo nyumbani kuna mtu wa kumsikiliza ni ______. Jambo ambalo mwalimu ajue ni ______."

Imeisha. Hiyo barua haielezi CBC ni nini, na usiongeze. Anayetaka kujua falsafa atakuuliza hiyo Ijumaa.

Sasa nikwambie kwa nini baadhi ya hizo sentensi ziko hapo, maana najua utashawishika kuzikata. "Hakutakuwa na homuwek nyingine" ni ahadi, kwa hivyo kabla hujaituma kaa na walimu wenzako wa hilo darasa, kwa sababu mwalimu wa Kiingereza akipachika insha siku hiyo hiyo ya Jumanne barua yako imekuwa ya uongo na mzazi hatakuamini tena mwaka mzima. Mimi nimewahi kuingia aibu hiyo, tukapatana baadaye kwamba Jumatatu na Jumatano ni za lugha, Jumanne na Alhamisi ni za projekti, na ikawekwa kwenye ukuta wa stafurumu watu wote waione.

"Usimrekebishie hesabu" wazazi wengi watapigana nayo. Baba anaona mtoto ameandika 42 gawa kwa 7 ni 7, moyo unamuuma. Ndiyo maana nimempa swali la kushika mkononi, umejuaje. Akiuliza hilo mtoto anarudi kuhesabu mwenyewe, mara nyingine anagundua, mara nyingine hagundui, yote sawa. Mzazi ukimkataza tu bila kumpa kitu cha kufanya, atarudi kwa kile anachojua, kalamu nyekundu.

Hilo la dakika 20 na sahihi, usilichukulie mzaha. Kuna watoto wanaochota maji wenyewe kabla ya giza, wanapika, wanalea mdogo wao. Ukiona kwenye kile kipande cha chini mzazi kaandika jioni za mtu wa kumsikiliza ni "hakuna", huyo mtoto mpange na mwenzake, wasikilizane wao kwa wao asubuhi kabla ya gwaride au saa ya chai. Ndiyo maana nikaweka hilo swali, si mapambo.

Kutosoma hesabu kwa majina nakuomba ulishike kwa mikono miwili. Utakuwa na nyumba ya lita 20 kwa mtu na nyumba ya lita 90 kwenye dawati moja, na watoto wana midomo. Wape herufi, Nyumba A, Nyumba B, changanya makaratasi mwenyewe, na chati ya ukutani itumie hizo herufi. Swali la darasa liwe "kwa nini Jumamosi inapanda?" au "maji mengi yanaenda wapi?" lisiwe "nani anatumia mengi?"

Na chujio, hapa mwalimu nakusihi. Unajua linavyotengenezwa, unakata kitako cha chupa, unaigeuza mdomo chini, unaziba mdomo kwa kitambaa au pamba, kisha makaa yaliyopondwa na kuoshwa, kisha mchanga safi, kisha kokoto juu. Ukimwaga maji ya tope yanatoka meupe na darasa zima linapiga makofi, na papo hapo kuna kijana mmoja atainua kikombe. Chujio hilo linatoa uchafu unaoonekana, vijidudu vya kipindupindu na taifodi vinapita. Kwa hivyo mwisho wa hicho kipindi chemsha hayo maji mbele yao mpaka yatokote sawasawa au uwaonyeshe dawa ya klorini ya dukani na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ndipo waelewe kwamba meupe na salama ni vitu viwili. Sentensi ya kwenye barua iko pale kwa sababu mtoto akirudi nyumbani na hilo chujio kwa fahari, mama anaweza kuamini ni la kweli.

Kuna swali utaulizwa ambalo sikuliweka kwenye barua, "hii inaenda KNEC?" Jibu lake liwe tayari mdomoni. Kazi za tathmini ya shuleni za KNEC, lile baraza la mitihani, kwa gredi ya 4, 5 na 6 zina maelekezo yake ambayo shule inashusha kwenye mtandao wao, na zikija utawaambia wazazi ni hizo. Hii ya maji ni ya darasa lako. Ukiwaacha wadhani ni ya KNEC, fundi wa swichi atarudi siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kuifikisha pia ni kazi. Usiitume kwa begi tu, nusu zitakutwa mwisho wa muhula zimefungia mandazi. Ijumaa watoto waisome kwa sauti darasani, wawili wawili, mmoja anakuwa mzazi anauliza maswali, mwingine anajibu. Jumamosi wanamsomea mzazi nyumbani. Mzazi asiyesoma hajaaibika, na mtoto ameshajua yeye ndiye mwenye kazi. Kile kipande cha chini kirudi Jumatatu. Kisiporudi, mpigie mzazi, mara nyingi ni simu ya dakika mbili.

Halafu kila wiki tuma ujumbe mfupi wa kawaida, usitegemee wasapu peke yake kwa sababu kuna simu za kitufe na kuna siku za bando kuisha. Mfano wa wiki ya 4, unaingia kwenye ujumbe mmoja:

"Mzazi wa Gr 5: wiki hii mtoto ahesabu mitungi ya maji kila jioni, dakika 5. Usimhesabie, muulize tu leo ni ngapi. Hakuna kitu cha kununua."

Kwenye grupu la wasapu weka sheria moja tu, hakuna kuposti picha ya kazi ya mtoto. Mzazi wa kwanza akiposti daftari lililopigiwa mistari ya rangi, kufikia saa nne usiku una mashindano ya wazazi na watoto wote wamelala.

Siku ya wiki ya 8 wazazi wakija, usipange hotuba. Kila mtoto akae na karatasi yake mezani, mzazi azunguke, na umpe kila mgeni maswali mawili kwenye kipande cha karatasi: ulihesabuje, na ni nini hukutarajia? Wewe simama nyuma na daftari lako la alama, sikiliza. Mtoto anayeeleza kwamba Jumatano ilikuwa 7 kwa sababu mtungi mmoja ulivuja na bado akauhesabu kwa kuwa maji yalitoka nyumbani, huyo hata mwandiko wake ukiwa mbaya yuko Kufikia matarajio, pengine amevuka. Mwenye karatasi safi inayong'aa ambaye anakuangalia usoni kila akiulizwa, rudi naye Jumatatu polepole, mpe mtungi na chaki, ahesabu maji ya jikoni mwa shule siku mbili, kisha umpime kwa hizo.

Na yule mama wa mwaka jana, mpe barua yake mkononi kabla ya wengine. Mwonyeshe sentensi ya pili.